Kutafuta Vmax na Km kwa mchoro wa vinyume: mwongozo kamili, kutoka kwenye kuveti hadi kwenye mstari

Kimeng'enya hushiba. Ukikiongezea sabstreti, yaani kemikali ambayo kinaibadilisha, kidogo kidogo, kasi ya mmenyuko hupanda haraka mwanzoni, kisha upandaji unapungua, na mwishowe hata ukimimina sabstreti maradufu kasi haisogei kwa kiasi cha kuonekana. Sababu yake si fumbo. Kila molekuli ya kimeng'enya ina mahali pa kushikia sabstreti, na mahali hapo pote pakishajaa, sabstreti iliyobaki inasubiri zamu.

Leonor Michaelis na Maud Menten waliieleza tabia hiyo kwa mlinganyo mwaka 1913, wakifanya kazi na kimeng'enya kinachovunja sukari ya sukrosi:

v = Vmax × S / (Km + S)

Hapa v ni kasi uliyopima, na S ni ukolezi wa sabstreti. Vmax ni kasi ambayo kimeng'enya kingeifikia kama kingeshiba kabisa. Km ni ukolezi wa nusu-shibe, yaani ule unaokipa nusu ya Vmax. Ukitaka kuhakiki, weka Km mahali pa S, na utapata Vmax/2.

Kazi yetu ni kupata namba hizo mbili kutoka kwenye vipimo vitano tu, kwa kutumia mchoro wa vinyume ambao Hans Lineweaver na Dean Burk waliuchapisha mwaka 1934. Nitaufuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Namba zake nimezitunga kwa ajili ya kufundishia, ila ni za ukubwa unaokutana nao maabara. Nitakaa zaidi kwenye nukta moja ya mchoro huo, ile ya kulia kabisa, kwa sababu ndiyo inayoharibu majibu ya watu wengi bila wao kujua.

Kwa nini tusisome jibu kwenye mkunjo wenyewe

Mtu akichora v dhidi ya S anapata mkunjo unaopanda na kulala, na kishawishi ni kuangalia kilele chake na kusema "Vmax ni hapa." Shida ni kwamba mkunjo huo haufiki kileleni. S ikiwa mara 5 ya Km, kasi ni asilimia 83 tu ya Vmax. Ikiwa mara 10, ni asilimia 91. Kwa jicho mkunjo unaonekana umeshalala kabisa, kumbe bado unapanda.

Kwenye mfano wetu kasi kubwa iliyopimwa ni 16.5. Mwenye kukadiria kwa macho ataongeza kidogo na kusema Vmax ni 17.5, halafu atatafuta S inayompa nusu yake, na ataangukia karibu 0.31. Majibu ya kweli ni kama 20 na 0.4. Kosa la Vmax limeivuta Km nayo, kwa sababu Km inasomwa kwenye nusu ya Vmax.

Dawa ni kugeuza pande zote mbili za mlinganyo. Chukua 1 ugawanye kwa kila upande:

1/v = (Km + S) / (Vmax × S)

Tenganisha sehemu ya kulia vipande viwili:

1/v = (Km/Vmax) × (1/S) + 1/Vmax

Huu ni mstari ulionyooka, y = mx + c wa shule ya sekondari. Mhimili wima unabeba 1/v, mhimili wa mlalo unabeba 1/S. Mteremko ni Km/Vmax. Mahali mstari unapoukata mhimili wima ni 1/Vmax. Ukiuendeleza upande wa kushoto kupita sifuri, utaukata mhimili wa mlalo kwenye −1/Km.

Tazama pia mhimili wa mlalo unamaanisha nini. 1/S kuwa sifuri maana yake S haina ukomo, yaani kimeng'enya kimeshiba kabisa. Hali hiyo huwezi kuitengeneza kwenye kuveti, kile kichombo kidogo angavu kinachoingia kwenye mashine ya kupima mwanga, lakini mstari unakufikisha hapo kwa rula.

Hatua ya kwanza: chagua mmenyuko unaoonekana

Mfano wetu ni fosfatasi ya alkali. Kimeng'enya hiki hukata kundi la fosfeti kutoka kwenye molekuli nyingi, na moja inayopendwa maabara ni p-nitrofenili fosfeti. Yenyewe haina rangi. Ikikatwa hutoa p-nitrofenoli, ambayo kwenye myeyusho wa alkali ni ya njano na hufyonza mwanga wa nanomita 405. Kwa hiyo kila molekuli iliyokatwa inajitangaza yenyewe, na huhitaji kusimamisha mmenyuko ili uipime.

Uhusiano wa rangi na kiasi ni rahisi: kwenye kuveti ya upana wa sentimita 1, kila mikromola 1 ya p-nitrofenoli huongeza ufyonzaji kwa takriban 0.018. Namba hiyo itumie kubadilisha usomaji wa spektrofotomita kuwa ukolezi. Humu kote milimola na mikromola ni vipimo vya ukolezi, yaani kwa kila lita.

Bafa iwe ya pH karibu 10, kwa mfano ya glisini, yenye magnesi kidogo. Jambo moja usilifanye kamwe: usitumie bafa ya fosfeti. Fosfeti ndiyo zao la pili la mmenyuko huu, na inakaa mahali palepale pa sabstreti. Niliwahi kupoteza alasiri nzima kwa sababu ya chupa ya bafa iliyokuwa karibu na mkono wangu, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba mstari ulinyooka vizuri sana. Fosfeti ikiwa ya kiasi kilekile kwenye kuveti zote, mstari haupindi. Vmax inabaki ilivyo, ila Km inatoka kubwa kuliko ilivyo kweli. Mchoro hauna namna ya kukuonya.

Hatua ya pili: panga ukolezi

Watu wengi huanza na 1, 2, 3, 4, 5, kwa sababu inapendeza machoni. Vinyume vyake ni 1, 0.5, 0.33, 0.25, 0.2, yaani nukta nne zimebanana upande mmoja na moja imekaa peke yake mbali. Wengine hukimbilia upande wa pili na kupanga vinyume viwe na nafasi sawa. Hapo mchoro unapendeza, lakini karibu vipimo vyote vimekuwa vya ukolezi mdogo, ambavyo ndivyo dhaifu.

Kanuni ninayoifuata ni kuanzia robo ya Km hadi mara tano ya Km, nikiongeza kwa takriban maradufu kila hatua. Utauliza: nitajuaje Km ndipo nipange, ilhali ndiyo ninayoitafuta? Fanya jaribio la haraka la kuveti tatu, kwa mfano 0.05, 0.5 na milimola 5, uone kasi inaanza kulala wapi. Dakika kumi hizo zinaokoa siku nzima.

Tuseme jaribio hilo limeonyesha Km iko karibu na milimola 0.4. Basi tunachagua 0.1, 0.2, 0.4, 1.0 na 2.0.

Hatua ya tatu: kuchanganya

Kila kuveti iwe na ujazo wa mililita 1, ukiwemo mikrolita 50 za kimeng'enya zinazoingia mwisho. Ukiwa na akiba ya sabstreti ya milimola 10, kuveti ya 2.0 inahitaji mikrolita 200 na ya 1.0 inahitaji 100. Hapo hakuna tatizo. Lakini kuveti ya 0.1 ingehitaji mikrolita 10, na hapo pipeti inaanza kukusaliti: tone dogo likining'inia nje ya ncha, umeshakosea kwa asilimia kadhaa.

Kwa hiyo punguza akiba hiyo mara kumi, iwe milimola 1, na uitumie kwa kuveti tatu za chini: mikrolita 100, 200 na 400. Jazia bafa hadi ifike mikrolita 950. Kwa kuveti ya 0.1 bafa ni 850, kwa 0.2 ni 750, kwa 0.4 ni 550. Kuveti za juu mbili zinapata bafa 850 na 750.

Tayarisha pia kuveti isiyo na kimeng'enya, yenye bafa mahali pake. Sabstreti iliyokaa muda mrefu huvunjika yenyewe taratibu, na akiba yake huwa na unjano tangu mwanzo. Unjano huo wa mwanzo si neno, maana sisi tunapima mabadiliko kwa dakika. Kinachotakiwa kutolewa ni kasi ya kuveti hiyo, kama ipo.

Kuveti zote zikae kwenye joto moja, tuseme nyuzi 25, dakika chache kabla ya kuanza. Kimeng'enya chenyewe kiweke kwenye barafu, kisilegee kati ya kuveti ya kwanza na ya tano.

Hatua ya nne: pima kasi ya mwanzo

Weka kimeng'enya, geuza kuveti mara mbili tatu taratibu bila kutengeneza mapovu, ingiza kwenye mashine, na soma kila sekunde 10 kwa dakika moja. Chora usomaji huo dhidi ya muda. Ukiwa umenyooka, mteremko wake ndio kasi. Ukianza kulala kabla ya dakika kuisha, tumia sehemu ya mwanzo tu.

Kwa nini dakika moja, si tano? Kuveti ya 0.1 ina sabstreti ya ukolezi wa mikromola 100 tu. Kwa kasi ya mikromola 4 kwa dakika, dakika ya kwanza inakula asilimia 4, jambo linalovumilika. Ukisubiri dakika tano na kugawanya kwa tano, asilimia 18 hivi itakuwa imeliwa, kasi imeshuka njiani, na wastani wako utakuwa chini ya kasi ya mwanzo kwa takriban asilimia 8. Kuveti ya 2.0, kwa dakika tano hizohizo, inapoteza chini ya asilimia 1 ya kasi. Yaani uvivu uleule unaiadhibu kuveti dhaifu na kuiacha yenye nguvu. Likumbuke hilo tukifika kwenye mstari.

Haya ndiyo mabadiliko ya ufyonzaji kwa dakika tuliyopata, baada ya kutoa kasi ya kuveti isiyo na kimeng'enya:

| S (milimola) | Ufyonzaji kwa dakika | v (mikromola kwa dakika) | 1/S | 1/v |
|---|---|---|---|---|
| 0.1 | 0.071 | 3.94 | 10 | 0.2535 |
| 0.2 | 0.122 | 6.78 | 5 | 0.1475 |
| 0.4 | 0.178 | 9.89 | 2.5 | 0.1011 |
| 1.0 | 0.260 | 14.44 | 1 | 0.0692 |
| 2.0 | 0.297 | 16.50 | 0.5 | 0.0606 |

Safu ya v imetokana na kugawanya ufyonzaji kwa 0.018. Kwa mfano 0.071 / 0.018 = 3.94. Usikate desimali mapema kwenye safu ya mwisho. Ukiandika 0.06 badala ya 0.0606, Vmax itayumba bila sababu yoyote ya kikemia.

Hatua ya tano: chora mstari na usome majibu

Weka nukta tano kwenye karatasi ya grafu, mhimili wa mlalo ukianzia −3 hadi 10 ili upate nafasi ya kuendeleza mstari kushoto. Kwenye lahajedwali, kama 1/S ziko safu D na 1/v safu E, andika:

```
=SLOPE(E2:E6, D2:D6)
=INTERCEPT(E2:E6, D2:D6)
```

Mteremko unatoka 0.0203, na mstari unaukata mhimili wima kwenye 0.0493. Basi:

Vmax = 1 / 0.0493 = 20.3 mikromola kwa dakika

Km = mteremko / kikato = 0.0203 / 0.0493 = 0.41 milimola

Ukiuendeleza mstari kushoto, utaukata mhimili wa mlalo kwenye −2.43, na 1/2.43 ni 0.41 tena. Kama njia hizo mbili hazikubaliani, umekosea hesabu, si kipimo.

Wanafunzi huteleza zaidi kwenye vipimo vya Km kuliko kwenye hesabu. Hapa S iko kwa milimola na v kwa mikromola kwa dakika. Mteremko umechanganya yote mawili, lakini ukigawanya kwa kikato, vile vya kasi vinafutana na Km inabaki na kipimo cha S. Km ikikutokea kwa dakika au kwa mikromola, kuna mahali ulichanganya.

Nukta ya kulia kabisa

Sasa tuharibu kwa makusudi. Tuseme kuveti ya 0.1 ilisomeka 0.061 badala ya 0.071. Pipeti ilibeba pungufu, au ulisubiri muda mrefu kabla ya kuanza kusoma. Kosa ni 0.010 tu, na kwenye mkunjo wa kawaida usingeliona kabisa, maana nukta hiyo iko chini kushoto, karibu na sifuri, ambako kila kitu kimesongamana.

Kwenye mchoro wa vinyume, v inakuwa 3.39 na 1/v inaruka kutoka 0.2535 hadi 0.2951. Chora mstari upya, na mteremko unakuwa 0.0246, kikato 0.0414. Vmax sasa ni 24.2. Km ni 0.59.

Nukta moja kati ya tano imekosewa kwa asilimia 14, na Km imepanda kwa asilimia 44. Ukiangalia R², kipimo ambacho watu hukimbilia ili kujipa moyo, ni 0.989. Ripoti nyingi zingepita na namba hiyo bila swali.

Rudisha nukta hiyo mahali pake, kisha fanya kosa lilelile la 0.010 kwenye kuveti ya 2.0, isomeke 0.287 badala ya 0.297. Vmax inatoka 19.9, Km 0.40. Karibu hakuna kilichosogea.

Hapa kuna mambo mawili yanayosukumana upande mmoja. La kwanza, kugeuza namba ndogo hukuza kosa lake. Kosa dogo kwenye v likishageuzwa linakuwa takriban kosa hilo gawanya kwa v ya kipeo cha pili. Kati ya kuveti ya 2.0 na ya 0.1 kasi zinatofautiana mara 4.2 hivi, kwa hiyo kosa lilelile linakuwa kubwa zaidi ya mara 17 upande wa kulia wa mchoro. La pili, nukta hiyo iliyovimba iko mbali kuliko zote kutoka katikati, kwenye 1/S = 10, wakati wenzake wanne wako kati ya 0.5 na 5. Kwenye mstari, aliye mbali ndiye mwenye wenzo mrefu. Kwa hiyo kipimo unachokiamini kidogo kuliko vyote ndicho kinachoshika usukani.

Lineweaver na Burk hawakuwa wajinga wa jambo hili. Walilipima, wakashauriana na mtaalamu wa takwimu W. Edwards Deming, na wakaipa kila nukta uzito kulingana na kasi yake. Mchoro wao ulienea dunia nzima na uzito ukaachwa nyuma.

Hatua ya sita: rudisha uzito

Ikiwa kosa la v lina ukubwa uleule kwenye kuveti zote, basi kila nukta kwenye mchoro wa vinyume ipewe uzito wa v kwa kipeo cha nne. Nukta ya 2.0 inapata uzito mkubwa kuliko ya 0.1 kwa zaidi ya mara 300. Inaonekana kama upendeleo uliopitiliza, lakini inafuta tu upendeleo ambao kugeuza namba kulikuwa kumeshauleta.

Kwa Python ni mistari michache:

```
import numpy as np
S = np.array([0.1, 0.2, 0.4, 1.0, 2.0])
v = np.array([3.94, 6.78, 9.89, 14.44, 16.50])
m, c = np.polyfit(1/S, 1/v, 1, w=v**2)
print(1/c, m/c)
```

Angalia kwamba tumeandika `v**2`, si `v**4`. Amri hiyo huzidisha tofauti kwanza ndipo inaipandisha kipeo cha pili, kwa hiyo v ya kipeo cha pili inaishia kuwa ya nne.

Kwa data nzuri inatoa Vmax 19.9 na Km 0.39. Sasa badilisha 3.94 iwe 3.39, ile nukta mbovu. Majibu ni 20.0 na 0.41. Kosa ambalo muda mfupi uliopita lilipandisha Km hadi 0.59 sasa halifanyi kitu.

Siku hizi unaweza pia kuulinganisha mlinganyo wa awali moja kwa moja na v na S, bila kugeuza chochote, na kompyuta ikatafuta Vmax na Km zenyewe. Ukiniuliza, hizo ndizo namba za kuandika kwenye ripoti. Mchoro wa vinyume bado nauchora kila mara, kwa sababu jicho linaona mstari uliopinda haraka kuliko linavyoona mkunjo uliopinda vibaya.

Mstari ukikataa kunyooka

Nukta za kushoto, zile za ukolezi mkubwa karibu na mhimili wima, zikianza kuinuka badala ya kuendelea kushuka, sabstreti yenyewe inakizuia kimeng'enya ikiwa nyingi. Usizifute kimyakimya. Pima ukolezi mwingine mmoja wa juu zaidi, na kinuko kikikua, andika kwamba mlinganyo huu haufai kupita kiwango hicho.

Nukta zote zikipinda kuelekea juu kadiri unavyokwenda kulia, kuna mambo mawili ya kushuku. Huenda kimeng'enya kina sehemu kadhaa zinazosaidiana kushika sabstreti, na hapo Michaelis na Menten hawakuhusu tena. Au, na hili ndilo la kawaida zaidi, kuveti za chini zimepimwa kwa muda mrefu mno na sabstreti ikapungua. Rudia hizo za chini kwa nusu ya muda kabla ya kutangaza ugunduzi.

Mstari ukipita kwenye sifuri au chini yake, kiasi kwamba Vmax inatoka hasi au kubwa isiyo na maana, S zako zote ni ndogo mno kuliko Km. Hapo kasi inapanda sambamba na S na hakuna shibe ya kupima. Mstari ukilala karibu mlalo kabisa, umefanya kinyume chake: kimeng'enya kimeshiba tangu kuveti ya kwanza, Vmax unayo, ila Km hujaipata. Hali zote mbili hazitibiwi kwa hesabu. Unarudi kupanga ukolezi.

Hakiki ya mwisho: kimeng'enya maradufu

Rudia kuveti tano kwa kimeng'enya chenye nguvu mara mbili, mikrolita zilezile 50, na usome kwa nusu dakika, maana sabstreti italiwa haraka mara mbili. Vmax hutegemea kiasi cha kimeng'enya, kwa hiyo iwe karibu 40 na kikato cha wima kishuke hadi 0.025 hivi. Km haitegemei kiasi hicho. Mistari miwili, ule wa kwanza na wa pili, ikutane kwenye nukta moja ya mhimili wa mlalo, karibu na −2.4.

Ikikutana hapo, andika majibu pamoja na hali zake: Km milimola 0.4, bafa gani, pH ngapi, joto gani, maana Km ya pH 10 si lazima ifanane na ya pH 8. Isipokutana, na mstari wa kimeng'enya kingi ukakata karibu zaidi na sifuri, yaani Km imepanda, nenda kasome lebo ya chupa ya kimeng'enya. Mara nyingi utakuta kimehifadhiwa kwenye fosfeti, na kila ulipoongeza kimeng'enya uliongeza na kizuizi chake.